Paneli zimekuwa nane kutoka nne, maji ya hosteli bado yanakata usiku. Tatizo ni kisima, pampu au tanki?

Bi Hosteli (#1)
Habari wakuu. Nina hosteli ya wanafunzi Dodoma, upande wa Ng'ong'ona, ghorofa mbili juu ya chini, wanafunzi 64. Maji natoa kisima kirefu kwa pampu ya sola ya wati 1,100, inapandisha moja kwa moja hadi simtanki la lita 2,000 lililo juu ya paa. Nilianza na paneli nne za wati 450. Maji yalikuwa yanakata saa 3 usiku na asubuhi wanafunzi wanapanga ndoo. Fundi akasema nguvu haitoshi, tukaongeza nne nyingine. Hali ni ile ile. Pampu inaanza mapema kidogo asubuhi, basi. Nibadilishe pampu niweke kubwa zaidi au kisima ndicho kimechoka?

Nyundo Kavu (#2)
Dada, paneli mara mbili lazima maji yawe mara mbili. Kama hayajaongezeka, hizo mpya hazijaungwa vizuri au zina kivuli cha tanki. Mwambie fundi apime kila moja.

Mzamivu (#3)
Nyundo, si kweli. Mota ya pampu ina mwendo wake wa juu. Ikishaufikia, hata uweke paneli ishirini, kontrola inachukua inachohitaji tu. Zilizozidi zinasaidia asubuhi, jioni na siku ya mawingu. Mchana wa jua kali hazina kazi, na ndicho anachokiona: inaanza mapema, basi.

Bi Hosteli, kabla ya kununua chochote leta vitu vinne: ripoti ya mchimbaji (maji yamesimama mita ngapi na yanashuka hadi wapi yakivutwa), pampu imening'inizwa mita ngapi, ukubwa na urefu wa bomba, na maandishi ya lebo ya pampu na kontrola.

Kitengela Wetu (#4)
Mimi niko huku Kajiado, nilikuwa na shida kama hiyo. Pressure ilikuwa chini ghorofani, nikaweka pampu ndogo ya kusukuma kwenye bomba la kushuka, shida ikaisha. Jaribu hiyo.

Mzamivu (#5)
Mkuu wa Kajiado, yeye hasemi maji yanatoka kwa unyonge, anasema yanakwisha. Pampu ya kusukuma italimaliza tanki upesi zaidi.

Bi Hosteli (#6)
Ripoti hii hapa. Kisima mita 120, kesingi ya inchi 5. Maji yamesimama mita 38. Wakati wa kupima yalishuka hadi mita 62 kwa lita 2,400 kwa saa. Pampu iko mita 70. Bomba la milimita 40, limeandikwa PN16, kutoka pampu hadi tanki kama mita 160 zote. Tanki liko mita 14 juu ya mdomo wa kisima. Lebo ya pampu: 110 V, 1100 W, ni ya skrubu. Kontrola: Voc isizidi 200 V. Paneli zina Voc 49.5, zimeungwa nne kwa mfululizo, safu mbili zikakutana.

Bwana Mita (#7)
Asante kwa ripoti kamili, wengi huleta picha ya tanki tu.

Tupige hesabu. Pampu inanyanyua kutoka mita 62, si 38, kwa sababu ikishafanya kazi maji yanakuwa yameshuka. Ongeza 14 za paa. Msuguano ndani ya bomba la 40 kwa lita 2,000 kwa saa ni kama mita 3 kwa urefu huo. Viungo na chekivalvu nimeweka mita 1. Jumla mita 80. Kama fundi angeweka bomba la 32 kuokoa hela, msuguano peke yake ungefika karibu mita 9, kwa hiyo hapo alifanya vizuri.

Matumizi: wanafunzi 64 kwa lita 80 ni lita 5,120. Ongeza jiko, usafi na koki zinazovuja, tuseme lita 6,000 kwa siku, yaani uniti 6.

```
6 m³ × 80 m × 2.725 = 1,308 Wh
1,308 ÷ 0.45        = 2,907 Wh
2,907 ÷ (5 × 0.75)  = 775 W
```

Hiyo 2.725 ni wati-saa za kunyanyua uniti moja kwa mita moja, na 0.45 ni ufanisi wa pampu na mota pamoja. Hiyo 5 ni idadi ya saa za jua kamili kwa siku isiyo nzuri sana Dodoma, na 0.75 ni hasara za joto, vumbi na nyaya. Kwa hiyo kwa nguvu paneli mbili zingetosha, na nne zako za mwanzo, wati 1,800, zilikuwa zaidi ya mara mbili ya hitaji. Nguvu haikuwa tatizo tangu siku ya kwanza.

Nyundo Kavu (#8)
Sasa Bwana Mita, kama nguvu ipo na kisima kinatoa 2,400 kwa saa, maji yanaenda wapi? Kuna mahali panavuja chini ya ardhi.

Bwana Mita (#9)
Hayaendi popote, hayapandi. Tazama tanki. Lita 2,000 zinajaa saa 4 asubuhi, floti inazima pampu, na jua la saa 5 hadi saa 9, ambalo ndilo lenye nguvu, linapita bure. Baada ya hapo pampu inafidia kile tu kinachotumika mchana, na mchana wanafunzi wako darasani. Jua likizama umebaki na lita 2,000 za kufikisha kesho saa 2.

Hosteli inatumia maji vipindi viwili. Nikikisia: saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi lita 2,100, saa 2 hadi saa 10 jioni lita 1,200, saa 10 jioni hadi saa 4 usiku lita 2,400, usiku wa manane lita 300. Jumlisha kuanzia saa 10 jioni hadi saa 2 asubuhi: lita 4,800 zinatakiwa ziwe tayari juu kabla jua halijazama. Wewe una 2,000. Kwa lita 400 kwa saa, tanki lililojaa saa 10 jioni linakwisha saa 3 usiku. Ni saa ile ile uliyoitaja mwenyewe.

Mchimba Mwamba (#10)
Hesabu safi, ila mnaamini ripoti haraka mno. Bi Hosteli, walipima kwa saa ngapi? Kisima cha kwenye mwamba uliopasuka, kama vingi vya Dodoma, kinaweza kutoa 2,400 kwa saa tatu za kwanza kwa kumaliza maji yaliyojikusanya kwenye nyufa za karibu, kisha kinabaki na yale yanayojipenyeza tu. Kipimo cha kuaminika huvuta mfululizo saa 24 na kuandika kina kila muda, kisha huangalia maji yanarudi kwa kasi gani. Na hata hapo hupangi pampu kwa kiwango chote kilichopatikana, unabakiza akiba.

Angalia pia kontrola saa 7 mchana. Taa gani inawaka?

Bi Hosteli (#11)
Ripoti inasema "saa 3". Taa nyekundu huwa inawaka mchana, lakini fundi alisema nyekundu ni tanki limejaa.

Mchimba Mwamba (#12)
Kwenye kontrola nyingi za namna hiyo tanki likijaa na kisima kikikauka kila kimoja kina taa yake, na rangi hutofautiana kwa mtengenezaji. Soma maandishi madogo chini ya taa. Kama nyekundu ni kisima kukauka, basi habari ya tanki ni nusu ya hadithi.

Mzamivu (#13)
Wote wawili mnaweza kuwa sawa na bila mita ya maji tutabishana hadi masika. Bi Hosteli, funga mita ya inchi moja na robo kwenye bomba linalopanda, baada ya chekivalvu. Isome saa 2, 4, 6, 8, 10 na 12, siku ya jua, bila kubadilisha kitu kingine.

Jambo la pili, na hili ni la haraka. Paneli nne zenye Voc 49.5 ni 198 V, na kontrola mwisho wake ni 200. Voc, yaani volti za paneli ikiwa haina mzigo, huandikwa kwa joto la nyuzi 25. Alfajiri ya Julai paneli ikiwa nyuzi 14, voltesheni inapanda kama asilimia 3, unafika 204. Pampu ikiwa imesimama ndipo kontrola inapopokea voltesheni yote hiyo. Panga upya: safu mbili za paneli tatu tatu, 148 V kila safu. Mbili zitabaki.

Nyundo Kavu (#14)
Tatu hazitaendesha pampu ya 110 V vizuri. Mchana wa joto zitashuka chini ya 110.

Mzamivu (#15)
Hapo una hoja. Paneli hizo zikiwa kazini hutoa kama 41 V kila moja, tatu ni 123, na joto likila asilimia 10 unabaki na 110 hivi. Pampu itazunguka polepole kidogo. Kama Mchimba Mwamba yuko sahihi kuhusu kisima, polepole ndiyo inayotakiwa. Afadhali hivyo kuliko kontrola iliyoungua.

Bi Hosteli (#16)
Nimerudi na vipimo. Siku ya jua, tanki lilikuwa tupu alfajiri. Mita ilianza sifuri.
Saa 2: 350
Saa 4: 2,250
Saa 6: 2,600
Saa 8: 2,900
Saa 10: 3,200
Saa 12: 3,700
Maandishi ya taa yamefutika na jua.

Bwana Mita (#17)
Hiyo ndiyo picha ya tanki dogo. Hadi saa 4 limejaa, baada ya hapo lita 300 kila saa mbili ni matumizi ya mchana. Jioni wanaporudi inaongeza hadi jua linapokwisha. Umepata lita 3,700 kwa siku inayohitaji 6,000.

Mchimba Mwamba (#18)
Au ni picha ya kisima. Usiku kimejikusanya, asubuhi kimetoa lita 2,250, kisha kinatoa 150 kwa saa kadiri maji yanavyoingia. Namba hizo hizo zinakubaliana na maelezo yote mawili, Bwana Mita, hilo huwezi kulikataa.

Bwana Mita (#19)
Silikatai. Ila jaribio la kututenganisha ni rahisi. Jumamosi saa 5 asubuhi, tanki likiwa limejaa na pampu imesimama, fungua koki ya chini ya tanki, mwaga kwenye bustani na mapipa, uendelee ili floti isipande. Pampu ikiwaka na kukimbia, tanki ndilo lililokuwa linaizima. Ikikataa kuwaka, ni kisima.

Kitengela Wetu (#20)
Na asimwage maji ya Dodoma hivi hivi, majirani watamjia na ndoo 😂

Bi Hosteli (#21)
Majirani walikuja kweli. Matokeo: saa 5 mita ilikuwa 2,450. Nilipofungua koki pampu iliwaka baada ya dakika chache. Saa 5 hadi 6 lita 1,850. Saa 6 hadi 7 lita 1,800. Halafu kama lita 300 hivi ikazima yenyewe, taa nyekundu, na tanki halijajaa. Baada ya nusu saa ikawaka yenyewe, ikafanya kama dakika 12, ikazima tena.

Mchimba Mwamba (#22)
Tanki halijajaa, pampu imezima, inasubiri nusu saa inajaribu tena. Hiyo ni sensa ya kuzuia pampu kukimbia kavu. Kisima hakimudu lita 1,800 kwa saa mfululizo. Na shukuru sensa ipo, kwa sababu pampu ya skrubu ina mpira ndani unaopoozwa na maji yenyewe. Ikikimbia kavu dakika chache tu mpira unaungua.

Bwana Mita (#23)
Sawa, lakini jumlisha: 2,450 + 1,850 + 1,800 + 300 = lita 6,400 kabla ya saa 8 mchana. Hitaji la siku nzima ni 6,000. Kisima kilitoa maji ya siku nzima kwa nusu siku. Kilichokosekana ni mahali pa kuyaweka.

Mchimba Mwamba (#24)
Siku moja, kisima kikiwa kimepumzika wiki nzima kwa kuvutwa lita 3,700 tu kila siku. Rudia siku kumi mfululizo mwishoni mwa kiangazi, Oktoba, ndipo tuongee.

Mzamivu (#25)
Kuna la tatu ambalo hamjalitaja. Sensa iko mita ngapi? Ripoti inasema maji hushuka hadi 62. Kama fundi aliifunga mita 64 badala ya mita moja juu ya pampu, basi kisima hakijakauka, ni sensa tu inayolia mapema. Kutoka 64 hadi 69 kuna mita tano ambazo hazitumiki.

Bi Hosteli (#26)
Nimempigia fundi. Hakumbuki. Anasema "juu kidogo ya pampu".

Nyundo Kavu (#27)
Basi rahisi, apunguze koki pale mdomo wa kisima itoke taratibu, lita 1,000 kwa saa, kisima hakitakauka na sensa haitalia.

Mchimba Mwamba (#28)
USIFANYE HIVYO dada. Kwa pampu ya mapangaboi ungebana koki bila madhara makubwa. Hii ni ya skrubu, kila mzunguko inasukuma kiasi kile kile cha maji. Ukiibania, presha inapanda hadi kitu kipasuke: bomba, kiungo au mota. Pampu hiyo hupunguzwa kwa mwendo tu. Kama kontrola ina kitufe cha mwendo, shusha hadi nusu. Utapata kama lita 1,000 kwa saa, kwa saa 8 ni lita 8,000, na maji ndani ya kisima hayatashuka sana. Kwa nusu mwendo inahitaji nguvu ndogo, kwa hiyo zile paneli za ziada ndipo zinapopata kazi: inaanza saa 1 na nusu asubuhi na hata wingu likipita haisimami.

Mzamivu (#29)
Naunga mkono kwa tahadhari moja. Mpira ukishachakaa, pampu ya skrubu ikienda polepole sana maji yanarudi nyuma kwa pembeni na kwa mita 80 unaweza kupata kidogo kuliko nusu. Mita unayo, isome kwa saa nzima baada ya kushusha. Ukikuta 700 badala ya 1,000, pandisha mwendo kidogo.

Nyundo, hata hivyo wazo la "taratibu" lilikuwa sahihi, njia ndiyo mbaya.

Bi Hosteli (#30)
Kitufe cha mwendo kipo, cha kuzungusha. Nimekishusha katikati. Sasa tanki: nipandishe la lita 10,000 juu ya paa nimalize kabisa?

Bwana Mita (#31)
Hapana! Maji ya lita 10,000 ni tani 10. Tanki la namna hiyo maji yake yanafika kimo cha mita 2 au zaidi, ni tani 2 kwa kila mita ya mraba. Slabu ya paa la kawaida haikupangiwa hata robo ya hapo. Zunguka na mhandisi wa majengo aone nguzo na mihimili.

Ninachopendekeza: ongeza la lita 3,000 karibu na lile la 2,000, kila moja juu ya mhimili wake, upate 5,000 juu. Siku ya jua inatosha ile 4,800, kwa kubanana. Chini weka la 5,000 kwa siku ya mawingu.

Mzamivu (#32)
Kuunganisha matanki mawili kuna mtego. Maji yanakaa usawa mmoja kwenye yote mawili, kwa hiyo linalojaa kwanza ndilo linaloamua. La 3,000 likiwa refu kwa sentimita 30 kuliko la 2,000 na vitako vikiwa sawa, zile sentimita 30 za juu hazitajaa kamwe: floti itazima kabla, na ukiipandisha la 2,000 litamwaga. Tafuta vimo vinavyokaribiana, linganisha vitako kwa bomba la maji la kupimia usawa, unganisha chini kwa inchi 2, na weka geti valvu kila upande ili uoshe moja lingine likifanya kazi. Maji yaingie moja, yatoke jingine, vinginevyo la pili linakaa na maji yaliyolala.

Kisima Kirefu (#33)
Nimesoma uzi wote, mimi ningefanya kinyume. Weka lita 10,000 zote chini. Pampu ya kisima imwage chini, unapunguza mita 14 za kunyanyua, kutoka 80 hadi 66. Kisha pampu ndogo ya juu ya ardhi ipandishe kwenye lile la 2,000. Paa halibebi kitu kipya.

Bwana Mita (#34)
Na umeme ukikatika saa 2 usiku? Una lita 10,000 chini na wanafunzi 64 juu wanakutazama. Leo maji yanashuka yenyewe bila kumuomba mtu.

Kisima Kirefu (#35)
Ana paneli mbili zitakazobaki baada ya kupanga upya, plus betri moja. Kupandisha lita 4,000 mita 14 ni kazi ya wati-saa mia moja na hamsini hivi, hata kwa pampu mbovu yenye ufanisi wa robo ni kama 600. Betri ndogo inamudu.

Mchimba Mwamba (#36)
Betri, inveta, pampu ya pili, floti mbili. Vitu vinne vipya vya kuharibika ili kuepuka tanki moja.

Kisima Kirefu (#37)
Na mhandisi akisema paa halibebi hata hizo 3,000?

Bi Hosteli (#38)
Mhandisi anakuja Alhamisi. Wakati huo huo mita baada ya kushusha mwendo: lita 940 kwa saa, imekwenda kuanzia saa 5 hadi saa 8 na koki ikiwa wazi, haijazima hata mara moja. Jana ilizima kabla ya saa 8.

Mchimba Mwamba (#39)
Vizuri. Kabla ya kununua tanki, nunua kamba ya kupimia kina cha maji au azima kwa mchimbaji. Pima saa 10 jioni, kila siku kwa wiki mbili. Kina kikibaki pale pale kila jioni, kisima kinamudu. Kikishuka nusu mita nusu mita kila siku, punguza tena mwendo.

Nyundo Kavu (#40)
Na zile paneli mbili zitakazobaki unauza? Niko Chamwino, nakuja na usafiri wangu.

Bi Hosteli (#41)
Subiri Alhamisi kaka, Kisima Kirefu kashazitia kwenye hesabu zake.